Ijumaa Iliyofutwa

Hapo zamani, kijana wa Kisauni hapa Mombasa akitaka kuposa, kwanza alipita kwa Mzee Nassor. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika barua za posa za mtaa mzima. Barua zake hazikuomba. Zilibisha hodi, zikasalimu, zikasifu nyumba na waliomo, na haja yenyewe ikaja mwishoni kama mgeni mwenye haya. Wengi walioa kwa kalamu yake, na wengine mpaka leo hawajamlipa hata asante.

Kisha presha ya macho ikamzima macho yote mawili, na mwanawe Mansur akawa ndiye macho yake. Mansur ndiye aliyemshika mkono kwenda msikitini na kumrudisha, ndiye aliyemkatia kucha na kumwambia nani kapita barabarani. Mama alikwisha kufariki. Dada yake, Sumeya, aliolewa Mikindani, akakaa juu kabisa ya jumba lenye ngazi nyembamba, na mzee alikuwa amesema wazi kwamba huko hatapanda ila akibebwa.

Mansur alikuwa fundi wa makontena ya baridi, yale yanayosafirisha samaki na maua. Mkataba wake ulipokwisha, aliomba kazi mahali pawili. Pa kwanza palikuwa yadi moja ya makontena Changamwe. Huko alihojiwa, akapewa kontena bovu alitengeneze mbele ya wakubwa, akalitengeneza. Dada mmoja wa idara ya kuajiri, Maryanne Mwikali, akamwambia asubiri, watamjulisha. Pa pili palikuwa bandari ya Sohar, Omani, mkataba wa miaka miwili, kazi aliyoiomba kwa sababu mwenye njaa hachagui.

Sohar ndio waliojibu kwanza. Barua ya ajira ilifika Jumatatu kwa wakala wao hapa Mombasa, na sharti lilikuwa moja: atie sahihi na kukabidhi pasipoti kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, la sivyo nafasi apewe mwingine. Changamwe walikuwa kimya. Changamwe, ambako angetoka asubuhi na kurudi jioni, na baba yake akabaki kitandani kwake, asipandishwe ngazi za Mikindani.

Basi Mansur akaandika ujumbe kwenye simu:

"Dada Maryanne, habari za kazi. Nimepata kazi kwingine, na barua ninayo. Wanataka jibu Ijumaa hii kabla ya saa sita mchana. Lakini chaguo langu la kwanza ni ninyi. Je, mnaweza kunipa uamuzi wenu kabla ya hapo? Kama kuna kitu kimebaki upande wangu, nitakileta leo."

Ulikuwa ujumbe mzuri, nami sioni neno la kuongeza wala la kupunguza. Kama angebonyeza tu, nisingekuwa na kisa cha kusimulia. Lakini katika nyumba ile halikutoka andiko lolote bila baba kulisikia, tangu Mansur yuko chuo cha Kurani anasoma juzuu. Akamsomea.

Mzee akauchezea mkongojo wake.

"Huyo binti wa watu amekukosea nini, hata wamtolea kisu?" akauliza.

Mansur akaeleza kwamba siku hizi ndivyo inavyofanywa, kwamba mwajiri asipoambiwa tarehe hawezi kuijua. Mzee akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mposaji hamwambii baba wa mke kwamba kuna nyumba nyingine yamngoja. Tena wampa na siku! Akikwambia, 'Basi nenda huko huko,' utamjibu nini?"

Hapo ndipo Mansur alipoacha kubisha, maana hofu hiyo alikuwa nayo mwenyewe. Wala mzee hakuwa mjinga. Alikuwa akiogopa. Alimtaka mwanawe abaki kuliko alivyotaka kuona tena, na mtu akiogopa hushika kile anachokijua. Alichokijua yeye ni posa. Akaanza kuamuru, na Mansur akaandika:

"Kwako mheshimiwa dada Maryanne. Baada ya salamu na kukuombea afya wewe na wenzako, nashukuru kwa ukarimu mlionipokea nao. Mwenyezi Mungu amenifungulia pia mlango mwingine, lakini moyo wangu uko kwenu. Siwaharakishi. Nangojea jibu kwa wakati mtakaouona unafaa, inshallah karibuni."

Mtu wa pwani akiupokea ujumbe kama huo hukurupuka, maana anajua mwenzake amebanwa mpaka kooni. Lakini Maryanne kwao ni Machakos, huko bara, na pale kwenye neno "siwaharakishi" aliamini kwamba haharakishwi. Akajibu: "Asante sana Mansur, ujumbe mzuri. Tutawasiliana." Mzee akataka jibu hilo asomewe mara mbili. Siku ile alikula vizuri.

Jumatano ikapita. Alhamisi Mansur akauliza kama kuna habari, akajibiwa kwamba meneja yuko safarini na mambo yanaendelea. Alianza kuandika neno Ijumaa, akalifuta. Aliona haya. Aliyesema juzi kwamba haharakishi, leo ageuke akimbize watu? Adabu nayo ina minyororo yake.

Ijumaa alikaa kwenye ofisi ya wakala tangu asubuhi, simu mkononi. Ilipokaribia adhana akatia sahihi na kutoa pasipoti. Baada ya swala akamwandikia Maryanne kwamba amechukua kazi kwingine, akamshukuru.

Jumatatu Maryanne akampigia. Mansur alikuwa uani akianika kanzu za baba yake.

"Mansur, mbona hukuniambia mwisho ni Ijumaa?" Sauti yake haikuwa ya ofisini. "Jina lako lilikuwa la kwanza. Ilibaki sahihi ya meneja tu, naye alikuwa Nairobi. Ungenipa tarehe, ningempigia simu hapo hapo. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Mansur akauliza kama bado kuna njia. Pasipoti angeweza kwenda kuiomba, hata kama ni kwa aibu.

"Leo asubuhi meneja ameuona ujumbe wako, akaniambia nimwite wa pili. Nimempigia. Amekubali." Kisha akasema, "Ulisema hutuharakishi. Nilikuamini."

Akaomba radhi, na Mansur akamwambia hana kosa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alipokata simu alikuta kanzu imeanguka mchangani, ikabidi aifue upya.

"Mansur!"

"Labeka, baba."

"Nani huyo?"

Mansur alisimama mlangoni. Ukweli ulikuwa mfupi, na ungetosha kumuua mzee mle ndani. "Ni watu wa Changamwe. Wamemchukua mwingine."

Mzee akausimamisha mkongojo wake kando ya kitanda.

"Ni riziki," akasema. "Lakini hawatasema mwana wa Nassor alikosa adabu. Hebu nisomee tena ile barua yetu."

Mansur akaketi ukingoni mwa kitanda, karibu na begi alilokuwa ameanza kumfungia mzee nguo za kwenda Mikindani. Akafungua simu, akasoma: salamu, afya, ukarimu, mlango mwingine. Alipofika kwenye "siwaharakishi" akaishusha simu. Mzee akapapasa mpaka akaupata mkono wake, akaushika.

"Soma, mwanangu," akasema. "Hapo ndipo nilipopapenda."

Mansur akasoma mpaka mwisho.