Korongo Lililopenda Maji Matamu

Baba yangu hapendi kona. Barabara ikipinda anaikasirikia, na akisimuliwa habari ndefu anauliza mwisho wake uko wapi. Kwa hiyo alipokata njia ya kuteremkia kisima cha kijiji, karibu na mto wetu wa mchanga, ule unaokauka kiangazi, aliipitisha moja kwa moja kutoka langoni, chini ya mteremko, bila kupinda hata kidogo. Wazee wengine njia zao zilizunguka shamba kama mtu anayetafuta mbuzi. Baba aliwacheka sana.

Ng'ombe wakaipenda njia ile, punda wa kubeba maji wakaipenda, na mvua ilipokuja ikaipenda kuliko wote. Maji yaliyokuwa yakitawanyika shambani na kuzama polepole yakapata mahali pa kukimbilia pamoja. Kule chini, mahali ambapo ule udongo mwepesi wa juu uliisha, kikatokea kidato kifupi, cha kukanyaga kwa mguu mmoja. Mama aliwahi kumwonyesha baba. Baba akasema ni ngazi, Mungu amemsaidia kujenga.

Ngazi ile ikaanza kupanda. Watu wengi hudhani korongo hutambaa kushuka, kwa sababu maji hushuka. Lakini korongo hula kwa kupanda. Maji yakianguka pale linapoanzia, kichwani pake, yanachimba chini ya ukingo, ukingo unabaki umening'inia, kisha unaanguka, na kichwa kinasogea nyuma kuelekea yanakotoka maji. Kwetu maji yalitoka langoni. Nilipoanza kazi ya jiolojia kule Mwingi, kichwa cha korongo kilikuwa katikati ya shamba. Nilipokuja nyumbani likizo hii ninayoisimulia, kilikuwa kimemeza zizi na kimebakiza nafasi ya kuanika ndengu, basi, kabla ya ukuta wa nyuma wa nyumba.

Kaka yangu anafanya biashara mjini Emali. Alikuwa ameshatafuta chumba huko, karibu na duka lake, na kila jioni alipiga simu kuuliza wazee watahama lini. Baba alikuwa akijibu "tutaona". Mama alichukua simu, akasalimia wajukuu, akairudisha. Mama yangu alizaa watoto wake wote katika nyumba ile, na niliona wazi kwamba Emali ingemmaliza. Nilikuwa na hasira na korongo lile kama vile ni mtu.

Lazima nieleze jambo moja la kwetu. Mimi nimepewa jina la mama yake baba. Kwa desturi yetu Wakamba, hilo linanifanya mimi kuwa mama yake, na tangu nikiwa mtoto ameniita "mwaitu", yaani mama yetu. Ni heshima, lakini baba huitumia kama fimbo pia.

"Mwaitu, umerudi," alinipokea. "Wamekufundisha mawe miaka hiyo yote. Sasa tuambie, hii shimo iko na jina?"

Nilimwambia shimo linaitwa njia yake mwenyewe. Mama akacheka mpaka akaegemea mlango. Baba akajifanya hakusikia.

Alikuwa amejaribu kulitibu, simnyimi haki yake. Alipenda kuwaambia majirani usipoziba ufa utajenga ukuta, na huo ufa wake akauziba kwa chochote kilichokuwa karibu: mawe, matawi ya miiba, matairi, kitanda cha chuma ambacho mama alikuwa bado anakitaka. Mvua moja na mawe yakazama. Maji yalipenya katikati yake, yakala udongo ulio chini, na kitanda kikaonekana tena mbele kidogo ya kisima. Baba alilaumu mawe. Alisema mawe ya siku hizi si mazito.

Sasa alikuwa na mpango mpya. Jumamosi, mwethya, kile kikundi cha akina mama wa kijiji wanaosaidiana kazi za mashamba, walikuwa wanakuja kuchimba mtaro mrefu nyuma ya nyumba ili kuyageuza maji yasifike korongoni. Hata mimi ningeupenda mpango ule kwenye shamba lingine. Lakini niliteremka korongoni nikatazama ukuta wake, na nikaogopa. Juu kulikuwa na udongo mwembamba wa kichanga. Chini yake udongo wa mfinyanzi, mgumu kama matofali, umepasuka nguzo nguzo, na kuna matundu ambayo maji yalipita ndani kwa ndani kama panya. Niliujua udongo wa namna hiyo. Una chumvichumvi ya sodiamu ndani yake, na hiyo hufanya chembe zake zisishikane. Ukiwa mkavu unavunja jembe. Mvua ikiugusa unayeyuka. Ukichimba mtaro humo, umeondoa kile kifuniko cha juu kilichokuwa kikiukinga, na umejichimbia korongo la pili. Nyumba ingebaki katikati ya makorongo mawili.

Jumamosi asubuhi mwethya walifika na majembe, na mwenyekiti wao, mama mnene mcheshi anayeimba kanisani kuwashinda wote, akakaa kwanza anywe chai. Nikasema mtaro usichimbwe.

Baba aliweka kikombe chini. "Kwa sababu gani?"

"Udongo wa chini unayeyuka ndani ya maji, baba."

"Unayeyuka? Hii udongo imenivunjia majembe tangu nioe, na wewe unasema inayeyuka? Kama sukari?"

Akina mama wakaguna kwa furaha. Hakuna kitu wanachokipenda kama mzee kubishana na mama yake mchana kweupe. Baba akainuka, akaenda korongoni, akarudi na donge la ukutani. Akachukua glasi, akaijaza maji ya kisima kutoka kwenye mtungi wa kuoshea vyombo, akaliweka donge humo taratibu na kuliacha mezani kati yetu.

Tulikaa tukalitazama. Donge likameguka, likalala chini ya glasi kama kilima kidogo. Maji yakabaki safi kabisa. Ungeweza kusoma Biblia kupitia glasi ile.

"Mwaitu," baba alisema kwa upole wa mtu aliyeshinda, "digrii yako imelala hapo chini. Akina mama, twendeni tukachimbe."

Mwenyekiti akacheka, akatafuta jembe lake. Nilijua nimeona sawasawa, na glasi ilikuwa inasema hapana. Kisha nikaona povu la sabuni, yaani nikaona kwamba halikuwepo. Mama alikuwa anaosha vikombe pale kando, anasugua na kusugua, na sabuni inakataa kutoa povu. Maji ya kisima chetu ni ya chumvi. Tumeyatumia maisha yetu yote, tumeyazoea, hata hatuyaonji tena. Na maji yakiwa na chumvi, udongo ule hauwezi kutawanyika. Chumvi ya nje inazibana zile chembe zikae pamoja. Mvua haina chumvi. Mvua ni maji matamu.

"Si haya maji," nilisema. "Nipeni maji ya tangi."

Hapo ndipo mabishano yalipokuwa makali. Tangi letu linakinga mvua ya paa, na bomba lake lina kufuli, na ufunguo unakaa shingoni mwa baba. Maji yale ni ya chai na ya kunywa tu.

"Maji ya mvua nipatie matope?" aliuliza. "Hata mamangu mwenyewe hangethubutu kuniomba hivyo."

"Ndiye anakuomba," mwenyekiti alisema, na wenzake wakapiga vigelegele.

Baba alishika ufunguo asiuvue. Mama ndiye aliyeamua. Alikuwa na glasi yake ya maji ya kumezea dawa ya presha, maji ya tangi. Akaiweka mbele yangu bila kumtazama mumewe.

"Tumia hayo. Mimi nitameza na ya chumvi," alisema. "Hii nyumba siitoki kwa sababu ya glasi."

Nilivunja donge lingine, sawa na lile la kwanza, nikalishusha ndani. Kwanza halikufanya lolote, na baba akaanza kutabasamu. Kisha likaanza kutoa moshi. Ukungu mweupe ulitambaa kutoka kwenye donge, ukajaa chini, ukapanda, mpaka glasi nzima ikawa kama chai iliyozidishiwa maziwa. Ile ya baba kando yake ilikuwa bado safi.

"Hiyo ni udongo ama ni sabuni?" mwenyekiti aliuliza.

Baba aliinua glasi zote mbili akaziangalia kwa jua. Akazigeuza, akazinusa, nikafikiri atazionja. Sijui aliona nini zaidi ya tope, lakini alizirudisha mezani kwa uangalifu mkubwa. Kisha akavua ufunguo shingoni akampa mama ajaze glasi nyingine. Akawageukia mwethya.

"Mwaitu amesema tusichimbe. Mimi siwezi kubishana na mamangu mbele ya watu."

Kwa hiyo hatukuchimba. Badala ya mtaro tuliinua tuta juu ya ardhi, la udongo wa kichanga uliosombwa kutoka mahali pengine, refu, likipinda polepole na kuyapeleka maji kwenye nyasi zilizo kando, yatawanyike. Kupinda kwake kulimuumiza baba mno. Nikaagiza jasi iliyosagwa, ule unga mweupe wa jiwe ambao hutumika pia kwenye dari. Jasi ina kalisiamu, nayo huchukua nafasi ya ile sodiamu na kuzifanya chembe zishikane. Kichwa cha korongo tulikikata kikawa mteremko badala ya ukuta, tukachanganya jasi na udongo wake, tukaunyunyizia maji na kuushindilia. Juu yake mchanga, juu ya mchanga kokoto, na mawe makubwa mwisho, ili maji yakipita kati ya mawe yasiweze kuuchota udongo. Chini zaidi tukajenga vizuizi vya mawe, kila kimoja kimeingizwa ndani ya kingo zilizotiwa jasi na kimeshushwa katikati, na mawe mengine yamelazwa mbele yake pale maji yanapoangukia. Baba alisema ukuta wenye pengo katikati ni ukuta wa fundi mlevi. Nilimweleza kwamba ukiwa sawasawa juu maji yatazunguka pembeni na kula kingo. Akajibu kwamba hata mlevi huwa na sababu zake.

Mvua za Novemba zilikuja na hasira. Nilikuwa Mwingi, nikapanda gari asubuhi iliyofuata. Kizuizi kimoja kilikuwa kimetobolewa pembeni, mahali tulipofanya uchoyo wa jasi, na tulikirudia. Lakini kichwa kilikuwa palepale tulipokiacha, mawe yamelala yamelowa, na baba amesimama juu yake na gambuti zake za mpira, anawaeleza majirani habari za sodiamu. Alikuwa anaiita "ile chumvi niliyogundua". Nilimwacha. Nilijificha nyuma ya jiko nikalia kidogo.

Mama alinikuta hapo. Alitazama ukuta wa nyuma wa nyumba, ule unaoelekea korongoni, ambao plasta yake ilikuwa imebanduka na hakuna aliyewahi kuugusa, maana nani atarembesha ukuta unaongoja kuanguka? Akapitisha kiganja juu yake.

"Mwambie baba yako anunue rangi," alisema. "Nataka ya kijani."