Mlio wa Pili

Kuna asubuhi moja ya ukungu ambayo bado naisikia masikioni, mwanangu, ingawa kilichonitisha siku ile ni kutosikia kitu. Keti hapo karibu na moto nikusimulie. Umeingia kamati ya ardhi juzi tu, na tayari unaniuliza kama hawa ndugu zetu wafugaji waliotoka Usukuma watengewe viti au wagombee kama watu wengine. Umeniuliza huku unacheka, kana kwamba jibu lipo wazi. Na mimi nilikuwa nacheka hivyohivyo.

Nilikuwa bado sijaolewa. Nilikuwa karani katika makazi madogo ya wakimbizi wa Burundi, kule ambako uwanda wetu unaishia na njia inaanza kuteremka kwenda Wampembe, ziwani. Enzi zile wafanyabiashara binafsi walishaanza kuja na malori yao kununua mahindi mpaka huko, na redio ndogo za betri ziliuzwa kila gulio. Kaya hazikufika sitini. Nyingi zilikuwa za Wahutu, chache za Watutsi, na wote walikuwa wamekimbia vita ileile.

Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga huuliza habari za uchawi. Miaka yote niliyoishi huku sijamwona mchawi hata mmoja, lakini hofu nimeiona, na ile ya watu wale ilikuwa na mpangilio wake.

Kamati yao ilikuwa na watu kumi. Sita kutoka kundi kubwa na wanne kutoka kundi dogo, ingawa kwa hesabu ya vichwa wale wadogo wasingefikisha hata wawili. Mambo matatu, yaani ardhi, maji na kumfukuza mtu, yalihitaji kura saba, ili wale sita wasiweze kuamua peke yao. Walinzi walikuwa nusu kwa nusu. Tena palikuwa na vyuma viwili vimetundikwa kwenye nguzo mbili katikati ya makazi, rimu ya lori na jembe la plau lililovunjika. Rimu ilikuwa ya kundi kubwa, plau ya kundi dogo, na kila upande ulitunza nyundo yake. Alfajiri mlinzi wa upande mmoja aligonga rimu, mlio mzito, kisha wa upande wa pili akagonga plau, mlio mwembamba. Mpaka vyote viwili vilie, hakuna aliyefungua mlango, wala mtoto hakutoka kwenda haja.

Mimi niliona ni upuuzi. Nilisoma shule za Tanzania, ambako kumuuliza mtu kabila lake ilikuwa utovu wa adabu. Nikawaambia mnajifunga wenyewe, mnawafundisha watoto wenu kila asubuhi kwamba wako wa aina mbili. Sikusema uongo, mwanangu. Ndiyo maana kosa langu liliniuma zaidi.

Tena nilikuwa na rafiki, Spesioza. Baba yake alikuwa Mhutu, mama yake Mtutsi, na wote walikufa vitani. Alilelewa na mama yake mdogo, Mama Visensia, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wale wanne na mtunza nyundo ya plau. Spesioza alijua kusoma na hesabu kuliko wote pale, akataka kuingia kamati. Kundi kubwa likamwambia wewe ni wa mama yako. Kundi dogo likamwambia wewe ni wa baba yako. Alikuja ofisini kwangu macho yamevimba.

"Dada Koleta," alisema, "niandike bila kundi."

"Daftari halina nafasi hiyo."

"Basi daftari ndilo lenye makosa, si mimi."

Maneno yale yalinichoma. Wakati huo redio ilikuwa ikisoma habari za katiba mpya ya kwao: katika bunge na serikali Wahutu wasizidi sitini kwa mia na Watutsi wasizidi arobaini, Watwa, kundi la tatu lililo dogo kabisa, waongezewe wabunge watatu, Seneti nusu kwa nusu, na jeshini kundi lolote lisipite nusu. Hata orodha za vyama zilipangiwa, kwamba katika majina matatu yanayofuatana, ya kundi moja yasizidi mawili. Nikamwambia Spesioza, ona, wanataka kuuandika ukabila ili usifutike kamwe. Kitu kimoja nilikisikia nusu, kwamba kuibadili katiba hiyo kulitaka wabunge wanne katika kila watano wakubali. Sikujiuliza kwa nini.

Nikafungua kanuni za kamati nikapata mwanya. Kura saba zilitajwa kwa ardhi, maji na kumfukuza mtu. Kuzibadili kanuni zenyewe hakukutajwa popote. Aliyeziandika alisahau kufunga mlango huo. Nikawaeleza, kwa ulimi wangu mzuri wa karani, kwamba kura sita zinatosha kufuta viti vya makundi. Watano wa kundi kubwa walikubali, na kijana mmoja wa kundi dogo akaungana nao kwa sababu alichoka, kama Spesioza, kuitwa jina la kundi. Waliokataa walikuwa Mama Visensia na wenzake wawili, pamoja na Mzee Barnabe.

Huyu Mzee Barnabe alikuwa Mhutu, mwenyekiti, mpole, asiyependa kusogelea umati. Baada ya kikao nikamfuata. "Shikamoo, mzee. Wewe mbona umekataa? Wa kwenu ndio wamepata."

"Marahaba, binti. Ndiyo maana nimekataa," alisema, akaondoka.

Makazi yote yakapiga kura kuchagua kamati mpya. Kura safi, mwanangu, hakuna aliyeiba hata moja. Waliochaguliwa wote kumi walitoka kundi kubwa. Hata yule kijana aliyetuunga mkono hakupata kitu, wala Spesioza, kwa sababu kila mtu peke yake kwenye karatasi yake alimwandika anayemwamini, na watu bado waliamini upande wao. Nilidhani nikiondoa viti vya makundi, makundi yataondoka. Kumbe yalikuwa yamekaa vichwani, na viti vilikuwa vinayapa tu mahali pa kuonekana.

Kamati mpya ikasema walinzi watachaguliwa kwa nguvu zao, na vyuma vyote viwili agonge mtu mmoja, kupunguza usumbufu. Mama Visensia alisikiliza mpaka mwisho. Aliniangalia mimi tu.

Kesho yake asubuhi nilifika na baiskeli. Unaijua baridi yetu ya Juni, na ukungu unaokaa shambani kama maziwa. Matuta yetu ya mviringo, yale tunayofukia nyasi, yalionekana kama watu waliochuchumaa wakisubiri. Rimu ikalia. Nikangoja plau. Haikulia. Jua lilikuwa limeshapanda nyuma ya ukungu, lakini hakuna mlango uliofunguka, si wa kundi dogo wala wa kundi kubwa. Kaya karibu sitini, nikidhani watu wote wako ndani, na sikusikia kikohozi wala mtoto kulia. Hata waliotupigia kura walikuwa wamefunga milango yao.

Nikaenda kwenye nyumba ya Mama Visensia. Mlango umefungwa kwa kamba, kwa nje. Nikafungua. Majivu yalikuwa na moto bado, uji wa ulezi uko kwenye chungu, haujaguswa. Nyumba ya pili hivyohivyo. Nyumba zote za kundi dogo zilikuwa hivyo, mikeka imekunjwa vizuri ukutani. Hakuna kilichovunjwa, na hakuna aliyewagusa. Waliondoka wenyewe kimyakimya, na kwenye nguzo ya pili palibaki waya mtupu ukicheza na upepo. Plau walikuwa wameibeba.

Chini ya nguzo alikaa Spesioza na kitenge kichwani.

"Jana nililala kwa jirani, wameondoka bila kuniambia," alisema. "Mama mdogo amekunja mkeka wangu, akauacha mlangoni."

Nililia, sikufichi. Mzee Barnabe akatoka kwenye ukungu, nyundo mkononi, akaketi kwenye jiwe. Hapo ndipo aliponieleza, na hakupaza sauti.

"Binti, vita ilipofika kwetu, watu walijificha kwenye shamba la migomba. Wa kundi dogo. Nikaambiwa niwaite, hali ni shwari. Niliamini. Nikaita kwa sauti yangu, na kwa kuwa walinifahamu, wakatoka." Akaiweka nyundo chini. "Waliotoka hawakufika barabarani. Tangu siku hiyo sitaki mtu atoke nyumbani kwa sauti yangu peke yangu. Vyuma viwili niliviomba mimi, si wao."

"Sikujua, mzee."

"Hukuuliza. Uliona kanuni, hukuuliza inazuia nini."

Kamati ilikutana mchana uleule, na kwa woga wao wenyewe wakarudisha kila kitu: sita na wanne, kura saba, nusu kwa nusu. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba kanuni hizi zisibadilishwe bila watu wanane kukubali. Lakini nani angewaambia waliokimbia? Ungetuma mtu, wangedhani wanaitwa watoke, kama kule kwenye migomba. Barnabe akasema atagonga rimu kila asubuhi, kisha atangoja wajibu wenyewe kwa plau wakitaka.

Akagonga siku ya kwanza. Tukangoja mpaka ukungu ukaisha. Siku ya pili vilevile, na milango ikafunguliwa mchana kwa njaa tu. Siku ya tatu aligonga, tukasimama tukisikiliza. Kisha kutoka mbali, chini kwenye miamba ya mteremko, plau ikalia mara moja, mlio mwembamba. Tulipotulia ikalia tena, karibu zaidi. Ilikuja hivyo, ikilia na kunyamaza, na hatukumwona mtu yeyote mpaka walipokuwa hatua chache mbele yetu, Mama Visensia mbele, plau kifuani. Familia moja haikurudi. Mpaka leo sijui walifika wapi.

Lakini sijamaliza. Mama Visensia alipotundika plau, Spesioza alikuwa amesimama kati ya zile nguzo mbili. Hakuna aliyempa nyundo. Jumamosi iliyofuata alipanda lori la mahindi kwenda Laela. "Amani yenu nimeiona," aliniambia, "ila haina pa kunikalisha." Sikumwona tena. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ile asubuhi, kwa sababu safari hii nilikuwa nimefuata kanuni zote.

Nasikia kwao sasa katiba iliyokuja baadaye imeipa Seneti muda wa kutazama kama mgawanyo ule uendelee au ukome. Wapo wanaosema umewapa wakubwa vibaraka wa makabila yote, wa kuitikia tu, na vijana wanazaliwa wakiwa wamekwisha kuhesabiwa. Wapo wanaosema bila huo wangekuwa kaburini. Nikiwasikiliza, namwona Spesioza, halafu nauona uji kwenye chungu.

Basi mwanangu, hawa wafugaji hawajapigana nasi, na Mungu apishe mbali. Lakini kabla hujacheka, nenda ukawaulize wanaogopa nini, na uwaulize wakulima vilevile. Wakikuambia wanaogopa, wape kiti, na uwape neno lisiloweza kupitwa na wingi wa kura kwenye malisho na maji. Funga mlango ule niliouacha wazi mimi, wa kubadili kanuni. Halafu andika humohumo msimu ambao mtakaa wote muulizane kama hofu bado ipo. Na acha kiti kimoja kisicho cha upande wowote, kwa mtoto atakayezaliwa na Mfipa na Msukuma, maana watazaliwa, wameshaanza. Mimi sikuacha.

Mungu akujalie masikio kabla ya ulimi. Akupe asubuhi ambazo kila mlango wa kijiji hiki unafunguka bila kungoja chuma. Na siku ukimkuta mwanamke wa makamo huko Laela au Tunduma aitwaye Spesioza, mwambie Koleta amemwekea kiti.