Mkutano Uliokataa Kufungwa

Kampuni yetu ya kutengeneza madawati ilikuwa na wanahisa wanne, msumeno mmoja wa mashine, na mkutano mkuu mmoja uliofunguliwa mwezi wa Julai. Kwa maoni ya katibu wetu, mkutano huo ulikuwa bado unaendelea miaka miwili baadaye.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Kawangware, upande wa kituo cha matatu cha 46. Tulisajili kampuni kwa sababu bodi ya shule moja ilitwambia wazi kwamba haiwezi kuwapa kazi ya madawati mafundi wa kando ya barabara, hata wawe hodari namna gani, lakini kampuni inaweza. Basi tukawa kampuni. Mwenyekiti alikuwa mzee wa kanisa kutoka Mkoa wa Magharibi, aliyestaafu kazi ya serikali na kukizamisha kiinua mgongo chake chote katika ule msumeno. Mkurugenzi wa pili alikuwa fundi wa mbao kutoka Kitui. Katibu alikuwa mama wa Machakos mwenye duka la misumari na rangi kule Riruta Satellite. Mimi nilikuwa mwanahisa mdogo kuliko wote, karani wa stoo mahali pengine, na kazi yangu katika kampuni ilikuwa kusoma karatasi ambazo wenzangu hawakupenda kuzisoma.

Sheria ya kampuni ya wakati ule haikuwa ngumu kwa jambo hili. Kila mwaka kampuni ifanye mkutano mkuu. Ndani ya siku arobaini na mbili baada ya mkutano, taarifa ya mwaka, ambayo sisi sote tuliiita ritani, iwe tayari na ipelekwe kwa Msajili wa Kampuni: anwani ya ofisi, hisa, madeni yaliyowekewa rehani, majina ya wanahisa, wakurugenzi na katibu. Itiwe sahihi na mkurugenzi mmoja pamoja na katibu. Mwaka wa kusajiliwa hausumbui, ritani haidaiwi. Sisi tulianza kudaiwa mwaka wa pili, na mwaka wa pili ndio tuliogombana.

Ugomvi ulihusu majeneza. Fundi wetu alikuwa akibaki jioni baada ya madawati na kupasua mbao za majeneza kwenye mashine ya kampuni. Mwenyekiti alilileta jambo hilo katika mkutano mkuu. Alisema mzazi akijua kwamba dawati la mtoto wake limetoka kwenye msumeno mmoja na jeneza, hatalipa karo. Fundi akajibu kwamba mbao haijui inakokwenda. Maneno yakapanda, na fundi akachukua kofia yake akatoka kabla ya sala ya kufunga, wala hakurudi.

Hapo lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa chochote. Sisi sote tulilelewa katika vyama vya kuchangiana. Katika chama, mkutano hufunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala, na waliofungua ndio hufunga. Mtu akiondoka kwa hasira, mkutano huachwa wazi mpaka arudi, ili ugomvi usibebwe nyumbani. Ni desturi nzuri. Imeokoa ndoa na urafiki mwingi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeifikisha kwa waandishi wa sheria ya kampuni.

Katibu alishika desturi kwa mikono miwili. Kwa kuwa mkutano haujafungwa, alisema, siku arobaini na mbili hazijaanza kuhesabiwa. Mwaka uliofuata mwenyekiti alipotaka kuitisha mkutano mpya, katibu alimuuliza atafunguaje mlango wa pili akiwa hajafunga wa kwanza. Mwenyekiti alifikiri, akaona ni kweli. Mimi niliwasomea kifungu cha sheria, tena mara kadhaa. Walinisikiliza kwa heshima kama watu wanavyosikiliza utabiri wa mvua wakati wa kiangazi, kisha wakarudi kwenye madawati.

Halafu ikaja barua ya rejista. Ya kwanza, ya kawaida, ilikuwa imelala katika sanduku la posta tulilolitumia pamoja na kanisa la mwenyekiti, chini ya matangazo ya semina. Hii ya pili ilisema kwamba Msajili hajapata jibu kwa ile ya kwanza, na kwamba asipopata jibu ndani ya siku thelathini, tangazo litatolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili jina la kampuni lifutwe. Mwenyekiti aliniuliza kufutwa ni nini hasa. Nikamwambia: baada ya tangazo ni miezi mitatu, na bila sababu ya kuzuia, kampuni inakuwa haipo tena, na mali yake inakwenda kwa serikali.

"Mali gani?" aliuliza.

"Yote iliyoandikwa kwa jina la kampuni, Mzee. Msumeno umeandikwa kwa jina la kampuni."

Alikwenda akaugusa msumeno, akakaa juu ya rundo la mbao mpaka saa ya chai.

Kesho yake tulikwenda mjini, ofisini kwa Msajili, sisi wawili. Afisa aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mchangamfu, na jalada letu alilipata bila kutafuta sana kwa sababu ndilo lililokuwa jembamba kuliko yote. Aliuliza mkutano wetu wa mwaka ule ulifanyika lini.

"Tulianza Julai," alisema mwenyekiti.

"Mkamaliza?"

"Hapo ndipo kuna maneno."

Afisa aliweka kalamu chini. "Mzee, unataka kuniambia watu wako mkutanoni mpaka leo?"

"Si wote. Mmoja alitoka nje kidogo."

Alicheka mpaka mwenzake wa meza ya pili akageuka, kisha akafuta macho na kutueleza taratibu, bila kutudharau. Sheria huhesabu kutoka siku mkutano ulipofanyika, na sala haimo, iwe ya kufungua au ya kufunga. Mwaka ambao hatukukutana kabisa ulikuwa mbaya zaidi, kwa maana kutofanya mkutano ni kosa lenyewe, na mtu hawezi kulifunika kosa la ritani kwa blanketi la kosa jingine. Ritani ya mwaka huo ilidaiwa vilevile, kana kwamba mkutano ulikuwapo kufikia mwisho wa mwaka. Kuhusu adhabu, alisema mahakama inaweza kutoza faini kwa kila siku ambayo kosa linaendelea, na anayetozwa si kampuni peke yake, bali na kila ofisa wake aliyehusika. Lakini kampuni inayojileta yenyewe, ikajibu barua kwa maandishi kwamba bado inafanya biashara, ikaleta ritani zilizochelewa na kulipa ada ya kuchelewa, kwa kawaida haifikishwi huko.

"Jibuni," alisema. "Ambaye hajibu ndiye tunadhani amekufa."

Barua ya kujibu niliiandika siku hiyohiyo. Ritani mbili nilizijaza jioni. Mwenyekiti akatia sahihi yake. Katibu akakataa kutia yake.

Hakukataa kwa ubaya. Alituletea chai, akavaa miwani, akasoma ritani yote, akairudisha. Alisema hataweka jina lake chini ya karatasi inayosema mkutano ulifanyika wakati anajua haujaisha, kwani jina lake ndilo linalouza misumari Satellite. Mwenyekiti alipofoka kwamba atateua katibu mwingine, nilimkumbusha kwamba uamuzi huo ni wa wakurugenzi, na wakurugenzi ni wawili, na wa pili alikuwa Kibera akitengeneza majeneza.

"Mleteni tufunge," alisema katibu. "Nitatia sahihi kabla amina haijakauka."

Nilitumwa mimi. Fundi alikuwa amepanga kibanda Kibera na biashara ilikuwa ikienda, jambo ambalo katika biashara ile si la kupongeza sana. Kijana mmoja aliyekuwa akipiga randa alinisalimu niaje, nikamjibu poa, na fundi mwenyewe akanipa kiti bila kuniangalia. Nilimweleza habari za Msajili, za msumeno na za kiinua mgongo cha mzee. Alisikitika kama jirani anavyosikitika, lakini akasema hayamhusu, yeye alitoka.

"Ulitoka mkutanoni," nilimwambia. "Kwenye kampuni hukutoka. Hukuandika barua ya kujiuzulu, na kule kwa Msajili wewe bado ni mkurugenzi. Ile faini ya kila siku inahesabu na jina lako."

Aliacha kupima mbao. "Hata siku nilizokuwa huku?"

"Hizo hasa."

"Kumbe nimekuwa bosi miaka yote hii na hamniambii," alisema, akaanza kutafuta kofia.

Jumamosi mchana tulikaa karakana, mahali palepale. Mwenyekiti alikuwa amejiandaa kwa hotuba. Fundi aliingia, akaketi, akaangalia huku na huku.

"Tulikuwa tumefika wapi?"

"Ulikuwa unatoka," alisema mwenyekiti.

"Basi andikeni nimeingia."

Katibu akaandika. Ilibidi tumalize ajenda, na ajenda ilikuwa majeneza. Mwenyekiti alirudia habari ya wazazi, lakini bila moto. Fundi akamwuliza, kwa upole kuliko nilivyotarajia, kama ni wazazi kweli au ni yeye mzee asiyependa kuyaona kila asubuhi. Mwenyekiti aligeuka akautazama mlango.

"Umri wangu huu," alisema, "mtu anakuja kazini anakuta limesimama mlangoni, limefunguliwa. Unafikiri ninaona nini?"

Hakuna aliyecheka. Fundi alisema atarudi kwenye madawati, na majeneza yatapasuliwa Jumamosi baada ya saa saba, mzee akiwa ameenda nyumbani, na kabla ya Jumatatu yatakuwa Kibera. Kampuni ingepata fungu lake. Ikapita. Mwenyekiti akasimama kufunga mkutano, na kwa kuwa sala ilikuwa imekusanyika kwa miaka miwili, haikuwa fupi. Tulipoketi, akasimama tena na kufungua mkutano wa mwaka tuliokuwa nao, akaufunga vilevile kwa sala, na katibu akatia sahihi ritani zote mbili kama alivyoahidi.

Kwa furaha yetu tulijaza na ya tatu, ya mwaka huohuo, tukazipeleka zote Jumatatu pamoja na barua. Afisa alipokea barua na ritani mbili, akatuandikia ada za kuchelewa, tukalipa, akapiga mihuri. Ya tatu aliirudisha kwetu. Orodha ya wanahisa katika ritani, alisema, ni ya siku ya kumi na nne baada ya mkutano, na sisi tulikutana juzi. Kwa mara ya kwanza kampuni yetu ilifukuzwa kwa kuwahi. Mwenyekiti aliishika karatasi ile akatabasamu mpaka barabarani. Siku ilipotimia nikaipeleka, ikapokelewa.

Lakini mzee hakuamini mihuri. Alikuwa ameambiwa tangazo hutoka katika Gazeti Rasmi, na Gazeti hutoka Ijumaa. Kwa hiyo kila Ijumaa, kwa miezi kadhaa, nilipotoka kazini nilipitia maktaba, nikasoma orodha za kampuni zinazofutwa, ndefu kama majina ya waombolezaji katika tangazo la kifo, kisha nikapanda kwenda Kawangware. Alikuwa akinisubiri kando ya mashine iliyozimwa. Fundi na wengine nao waliacha kazi wakasimama.

"Tumo?"

"Hatumo, Mzee."

"Washa," alimwambia fundi, na msumeno ukaanza kulia.