Saa Iliyotembea Nikiwa Nimelala

Mimi ni dereva wa kamio za mgodi, zile kubwa ambazo gurudumu lake linanipita urefu. Nimeziendesha miaka ishirini na miwili, na katika barabara ile ya mawe sijaogopa kitu kama nilivyoogopa kile kitambaa kidogo wanachokufunga mkononi kupima tansio, ile presha ya damu. Mwaka ule, kwenye visite ya kila mwaka, ile ya kupimwa afya, daktari wa mgodi alinifunga mara tatu, akatikisa kichwa, akanipandisha kwenye mizani. Kilo tisini na sita. Akaniambia tansio iko juu, haijafika pa kunishusha kwenye kamio leo, lakini uzito unaisukuma. Ananipa miezi mitatu. Isiposhuka, hatasaini karatasi yangu ya kuendesha. Na dereva wa miaka hamsini na mmoja asiye na karatasi anapelekwa kwenye ghala kuhesabu mifuko, ao anarudishwa nyumbani.

Nilifika kwetu Kamalondo nimenuna. Mke wangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Nilimweleza, akaacha mchi, akafuta jasho.

"Basi utatembea, papa," akasema. "Na ile samaki ya chumvi tutaiacha."

Kutembea, sawa. Lakini mimi ni mtu wa mishale. Ndani ya kamio kila kitu kina mshale wake: mafuta, joto, hewa ya breki. Sipendi kubahatisha, tena nikibahatishiwa ninakasirika. Kwa hiyo nilikwenda mjini nikanunua saa ya mkono, ile yenye taa ya kijani chini yake, inayopima mapigo ya moyo, inahesabu hatua, na inakuambia umechoma kalori ngapi. Nikaijazia miaka yangu, urefu wangu na zile kilo tisini na sita. Nikajiambia, sasa nimepata mshale wa mwili wangu.

Kila siku nikitoka kazini nilivaa viatu, nikapita kati ya mafundi cherehani na meza za mabaa, nikazunguka uwanja wa mpira, nikarudi. Saa nzima. Nilifika mlangoni nimelowa, nikakaa, nikasoma namba kwa sauti. Nilianza kuipenda, sifichi. Asubuhi moja niliamka, sijagusa hata kandambili, nikakuta tayari nimechoma kalori mia nne na hamsini tangu katikati ya usiku. Nilimwamsha mke wangu nimwoneshe. Alinigeuzia mgongo.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Jioni saa inasema: leo umechoma elfu tatu na mia nne. Chakula changu, kwa nilivyosoma kwenye simu, kilikuwa elfu mbili na mia tano. Basi nina mia tisa za kwangu, nimezitolea jasho. Kipande cha pili cha bukari, ugali wetu, kama ngumi zangu mbili, ni mia tano. Nikikila, bado mia nne zinabaki, na uzito utashuka tu. Mtu gani atapinga hesabu kama hiyo?

Mke wangu alipinga. "Papa, ile saa njo iko na njala, ao weye?"

"Mama, niongezee. Saa imekubali."

Aliongeza, lakini kwa ule mwiko wa kuchukia, unaogonga sahani.

Wiki sita zilipita hivyo. Sikukosa siku hata moja ya kutembea, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kwani nilipopanda mizani ya zahanati ya mgodi, mbele ya muuguzi aliyekuwa anafuata hali yangu, ilisema tisini na saba na nusu. Nilishuka, nikavua viatu, nikavua na mkanda, nikapanda tena. Tisini na saba. Muuguzi akaniuliza kama ninatembea kweli. Nilimkaripia, mtoto wa watu, halafu nikatoka bila kuaga.

Niseme kweli: niliogopa sana. Kama mtu anachoma kiasi kile na bado ananenepa, basi ndani yake kuna ugonjwa. Ndivyo nilivyowaza. Niliwaza maini, niliwaza moyo, niliwaza mke wangu akifunga kitambaa cha msiba. Sikumwambia mtu. Siku mbili nilikula bila kuongea, na nyumbani walidhani nimegombana kazini.

Siku ya tatu nilipanda basi la wafanyakazi alfajiri kama kawaida. Barabara ya kwenda mgodini ni mashimo matupu, basi linaruka tangu mwanzo hadi mwisho, lakini ukishaizoea unalala. Nililala tangu kutoka mjini. Jirani yangu wa kiti, fundi wa mitambo, alinigusa bega tulipofika getini. Nikatazama saa, kwa mazoea tu. Wakati wa kupanda nilikuwa na hatua mia tatu, zile za kutoka nyumbani. Sasa zilikuwa elfu mbili na mia moja.

Nilimwonesha jirani yangu. Alicheka mpaka akashika kiti cha mbele.

"Ee papa! Kumbe unatembeaka mu ndoto?"

Basi zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu. Kama basi linanipa hatua elfu na zaidi nikiwa nakoroma, je, kamio? Kamio inanitikisa saa nane kwa siku! Mikono yangu iko kwenye usukani, usukani unatetemeka, na saa imekaa palepale inaandika kwamba huyu baba anatembea. Kisha hasira ikapanda, hasira ya mtu aliyedanganywa na kitu alichokinunua mwenyewe.

Wakati wa mapumziko nilikwenda zahanati. Niliivua ile saa, nikaitupa mezani kwa muuguzi.

"Chukua. Ni mwongo."

Alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, lakini hakutetereka. Kwanza alinikalisha. Kisha akaivaa yeye, akakaa kitini, akaanza kutwanga hewani kwa mkono, kama mama anayetwanga sombe. Baada ya muda akanionesha. Hatua mia na kitu, na makalio yake hayakutoka kitini.

"Papa, saa haioni kalori," akasema. "Hakuna kintu inaonaka kalori pa mukono. Inaona mukono inatikisika, inaona damu inapita chini ya ngozi. Mengine inabahatisha."

Akanieleza polepole, na mimi, kwa mara ya kwanza katika wiki sita, nikasikiliza. Ile saa inachukua mwendo wa mkono, mapigo, umri, urefu na uzito, inaviingiza kwenye kanuni iliyotengenezwa kwa watu wengi, na inatoa kadirio. Mimi siyo watu wengi. Ninaweza kuwa chini ya hapo ao juu ya hapo, na tofauti yenyewe siyo ndogo. Moyo nao unapiga mbio kwa sababu nyingi: joto la kamio, kahawa, bosi anayepiga kelele kwenye redio. Na zile mia nne na hamsini za asubuhi? Hizo ni za mwili kuishi tu, kupumua na kusukuma damu. Ni za kweli, lakini hata aliyelala mchana kutwa anazichoma. Siyo zawadi ya mazoezi.

"Na chakula, papa? Yale mafuta ya kukarangia samaki uliyahesabu?"

Sikuyahesabu. Nilitazama dirishani.

"Unaona? Huku saa inakuongezea, huku weye unapunguza. Ile kutembea yako ya saa nzima, tuseme ni mia tatu hivi, na mimi pia nabahatisha. Bukari ya pili inaimaliza yote na inazidi."

"Kwa hiyo sina ugonjwa?"

Alishangaa. "Ugonjwa gani? Mwili wako unafanya kazi yake vizuri. Unaupa, unaweka."

Ee Mungu wangu. Sijui kama alijua alichonifanyia. Nilikaa pale nikapumua kama niliyetua gunia. Nilikuwa mjinga, siyo mgonjwa, na ujinga una dawa. Nikamwomba radhi kwa siku ile ya mizani.

Nilitaka kumwachia saa. Alikataa. Alisema ivuliwe kwenye basi na kwenye kamio, ivaliwe wakati wa kutembea tu, na nisile namba zake. Inachokijua vizuri kidogo ni kunilinganisha mimi na mimi: njia ileile, muda uleule. Nitazame dakika, nitazame mapigo. Nikiona wiki hii nimetembea kidogo kuliko wiki iliyopita, hapo niiamini, niamke. Kuhusu uzito, niulize mizani, mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, na nisichanganyikiwe na wiki moja. Niulize na tundu la mkanda wa suruali.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote, hata lile la kulala kwenye basi. Alicheka mpaka akalia. Halafu akaleta bakuli dogo la bati, akasema tangu leo bukari yangu inapimwa kwa hilo, moja tu, na sombe nijaze ninavyotaka, mradi mafuta awe anayamimina yeye. Nilinung'unika, bila shaka. Wiki ya kwanza nililala nikisikia tumbo linaongea. Lakini wiki ya tatu niliona njia ileile ya uwanja, ambayo mwanzoni ilinipigisha moyo mara mia na thelathini kwa dakika, sasa inanipigisha mia na kumi na tano. Namba ya kalori ilikuwa imeshuka kidogo, eti, kwa kuwa moyo haukimbii tena! Zamani ningekasirika. Mkanda ulirudi tundu moja, kisha la pili.

Siku ya daktari ilifika. Mizani: tisini na mbili na nusu. Kisha ile tansio. Daktari alisoma, akakunja uso. Bado juu. Niliona ghala lile, mifuko ile. Muuguzi, aliyesimama nyuma yake, akasema kwa heshima kwamba papa ameingia sasa hivi akipanda ngazi, na anaogopa. Wakaniacha nimekaa dakika tano, mgongo kwenye kiti, miguu chini, bila kuongea. Wakapima tena, wakapima tena. Imeshuka. Daktari akachukua kalamu, akasaini.

Nilimshika muuguzi mkono kwa mikono yangu miwili, nikatoka.

Kwenye basi la kurudi nililala, saa ikiwa mfukoni. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni, bila kazi mkononi, na yeye hakai bila kazi. Nikampa karatasi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaificha kifuani, machozi yakamtoka. Ndipo aliponiambia kwamba miezi mitatu hakulala vizuri, kwamba baba yake alianguka kwa tansio, na hakutaka kunitisha. Hata mimi nililia, palepale mlangoni, majirani wanaona.

Baadaye alikwenda kupika. Nilivaa viatu, nikafanya mzunguko wangu, nikarudi. Alikuwa ameinama juu ya sufuria, ameshika mwiko, anacheka.

"Leo ni siku kubwa, papa. Nikuwekee ngapi?"

Nikamsogezea lile bakuli la bati.

"Kama jana," nikasema.