Dakika Tano za Dundu

Theonest alikuwa bwana mifugo wa daraja la chini, mtu wa Bukoba, aliyepanga chumba kimoja Kinondoni. Alikuwa na baiskeli ya serikali, kaptura mbili za kaki na Kiswahili safi cha shuleni. Kiswahili hicho ndicho kilichomponza.

Mwaka 1956 ofisi yao ilipewa dakika tano redioni kila Alhamisi ili izungumze na wafugaji. Karani mkuu, Bwana Gaspar, mtu wa Songea aliyependa kazi ifuate utaratibu, alimkabidhi Theonest kuandika na kusoma. Kulikuwa na sharti moja. Kila hotuba isomwe kwanza mbele ya mfugaji, asikie yote, aulize anachotaka, kisha atie dole gumba chini ya karatasi.

"Redio si barua," Gaspar alisema. "Msikilizaji akipotea, hawezi kurudi mstari wa juu."

Mwishoni mwa Oktoba Theonest alipewa habari ya dundu, wale wadudu weusi wanaozika kinyesi cha ng'ombe. Alisoma jarida la ofisi tangu asubuhi hadi saa sita. Alipofika ukurasa wa tatu masikio yalimwaka moto. Jarida lilisema kwamba dawa ya unga ikinyunyizwa juu ya kinyesi huua dundu pamoja na inzi, lakini inzi hurudi upesi na dundu hawarudi.

Mwezi wa Aprili mwaka huohuo yeye mwenyewe alikuwa amenyunyiza dawa hiyo Mabibo, kwenye uwanja wa Bi Mauwa.

Bi Mauwa alikuwa mjane wa Kizaramo. Marehemu mumewe alimwachia ng'ombe wawili wa maziwa, naye akawafikisha sita. Nusu ya watoto wa Mabibo walinyweshwa maziwa yake. Masika yale inzi walizidi kidogo, majirani wakanung'unika, na Theonest akaja na debe la dawa. Bi Mauwa alimzuia langoni.

"Mwanangu, ukimwaga hiyo utaniulia vibarua wangu."

"Vibarua gani, Bi Mauwa?"

Mama huyo aliinama, akapindua kinyesi cha asubuhi kwa kijiti. Chini yake udongo ulikuwa umefukuliwa, na dundu watatu walikuwa wakivuta mafungu yao kuingia shimoni. "Hawa. Hawalali, hawadai chai."

Wanawake waliokuja kununua maziwa walicheka. Theonest naye alicheka, kwa sauti kubwa kuliko wao. "Bibi, hayo ni mambo ya zamani. Sasa elimu imefika." Akanyunyiza uwanja mzima, akasaini daftari lake, akapanda baiskeli akipiga mluzi.

Na hata kwao, bibi yake Kokuberwa alikuwa akibeba samadi kichwani kila alfajiri kuipeleka migombani. Theonest alijua tangu utotoni kwamba ardhi hula. Alikuwa amekisahau kile alichokijua, akakumbuka kile alichofundishwa.

Siku ile ya Oktoba aliandika hotuba yake hata hivyo. Ilitoka vizuri. Kwenye habari ya dawa alikaa muda mrefu na kalamu mkononi, kisha akaandika hivi: "Wafugaji wengine, kwa kutojua, hunyunyiza dawa juu ya kinyesi."

Alitaka kwenda kuisomea mbali, Pugu au Kisarawe. Gaspar akakataa. "Kwa nini upoteze siku? Nenda Mabibo kwa yule mama wa ng'ombe sita."

Alikwenda. Tangu njiani aliona lililobadilika. Vinyesi vya miezi vilikuwa vimelala uwanjani vikavu juu na laini chini, kila kimoja kimeua majani ya chini yake. Mvua ya jana ilikuwa imeteleza juu ya ardhi ngumu ikaacha michirizi. Inzi walitanda machoni pa ng'ombe kama pazia.

"Shikamoo, Bi Mauwa."

"Marahaba, bwana mifugo. Karibu. Umeleta debe jingine?"

"Leo nimeleta karatasi tu."

Bi Mauwa alimkalisha kwenye kibao na kumpa maziwa kwenye bakuli. Kisha, bila kuulizwa, alimwonyesha karatasi yake mwenyewe. Ilitoka kwa Salumu, bwana afya wa eneo lile. Ilisema inzi wasipopungua hadi mwisho wa Novemba, ng'ombe wote waondolewe Mabibo.

"Nimwambie niwapeleke wapi?" Bi Mauwa aliuliza. "Chumbani kwangu?"

Theonest alifungua hotuba akaanza kusoma, kwa kuwa kusoma kulikuwa rahisi kuliko kumtazama.

"Inzi hutaga mamia ya mayai kwenye kinyesi kibichi. Siku haiishi mayai huwa funza, na funza huhitaji siku kadhaa za kula humo, mahali penye unyevu, kabla hawajawa inzi. Lakini dundu wakiwahi, hukichangua kinyesi kikakauka, na fungu kubwa hulishusha ardhini. Funza hukosa chakula na hukosa maji."

"Kweli," alisema Bi Mauwa. "Endelea."

"Huko chini dundu jike hufinyanga matonge, na ndani ya kila tonge hutaga yai moja tu. Mtoto akitoka hula tonge lake. Mashimo hayo hupitisha maji na hewa, na mbolea hufika kwenye mizizi badala ya kukaukia juani."

"Ee! Tonge lina yai? Hilo nilikuwa silijui." Alifurahi kweli, akawaita wanawake wawili waje wasikie. Theonest akasoma yaliyosalia haraka haraka, pamoja na lile la wafugaji wengine, kwa kutojua.

Ng'ombe mmoja alipiga mkia.

"Mfugaji huyo," Bi Mauwa aliuliza polepole, "anaitwa nani?"

"Ni... ni kwa jumla tu, mama."

"Mie namjua mmoja tu aliyenyunyiza. Wala hakuwa mfugaji."

Mmoja wa wale wanawake, Hamisa, ambaye Aprili alicheka pamoja naye, alifunika mdomo kwa khanga. "Bwana mifugo, leo mluzi umeuacha wapi?"

Theonest alisogeza kisahani cha wino mbele ya mwenyeji wake. Bi Mauwa alikisukuma kando kwa kidole kimoja.

"Dole langu siliweki. Yote uliyosema ni kweli, isipokuwa hapo. Nikiweka, bwana afya atasikia kwamba mjinga ni mie, na ng'ombe wangu watakwenda kwa ujinga wangu. Kunywa maziwa yako, mwanangu, yanapoa."

Angemtukana, ingekuwa afadhali. Aliyanywa maziwa yale yote, kwa kuwa kuyaacha kungekuwa ufedhuli wa pili.

Siku ya pili alimpelekea Gaspar hotuba aliyoisahihisha. Gaspar aliisoma akiwa amesimama.

"Umeandika kwamba ofisi ilikosea."

"Nimeandika kwamba mimi nilikosea."

"Ukiwa umevaa kaptura ya serikali, wewe na ofisi ni kitu kimoja. Ofisi haikosei redioni, Theonest. Rudisha ule mstari wako wa wafugaji. Dole nitalitafuta mwenyewe."

Na alilitafuta. Jioni tarishi wa ofisi, ambaye hakuwahi kumiliki hata kuku, aliweka dole gumba chini ya hotuba ya zamani, wakacheka wote. Theonest alicheka pia kidogo, kisha akaenda chooni akanawa uso.

Alhamisi alikaa mbele ya kipaza sauti na karatasi ile yenye dole la tarishi. Taa nyekundu ikawaka. Alisoma habari za inzi, akasoma habari za matonge, sauti ikienda sawa kama alivyozoea. Alipofika mstari ule wa wafugaji alisita. Nyuma ya kioo fundi wa mitambo aliinua kichwa.

"Mwezi wa Aprili, huko Mabibo," Theonest alisema, na sasa hakuwa akisoma, "dawa ilinyunyizwa juu ya kinyesi. Mwenye ng'ombe alikataza. Alijua kazi ya dundu kuliko aliyekuja kumfundisha. Dundu walikufa, na inzi, ambao huzaana upesi zaidi, wakarudi wengi kuliko mwanzo. Inzi wale si kosa la mwenye ng'ombe. Aliyenyunyiza dawa ni mimi, Theonest, bwana mifugo."

Alimaliza sekunde arobaini kabla ya wakati. Ilibidi fundi apige santuri.

Kesho yake Gaspar hakupaza sauti. Alichukua faili la redio mezani kwa Theonest, akaliweka mezani kwa mwingine. "Utarudi kwenye josho, kuogesha ng'ombe," alisema. Ofisini watu walianza kumwita Bwana Dundu, na hakuna aliyemwambia kama lilikuwa tusi.

Salumu, bwana afya, alikuwa amesikia. Jumatatu alifika Mabibo na daftari lake, akamkuta Theonest tayari yuko uwanjani, ameshika koleo.

"Nimekusikia redioni," Salumu alisema. "Karatasi yangu siwezi kuifuta kwa maneno. Naongeza mwezi. Mwisho wa Desemba nitahesabu inzi, sitahesabu hotuba."

Theonest alikwangua vinyesi vyote vya zamani vilivyokuwa na dawa na kuvifukia shimoni, mbali na kisima. Kisha kwa siku tisa, baada ya kazi, alipanda hadi malisho ya Kimara, ambako dawa haikuwahi kufika. Alichokonoa vinyesi vya asubuhi na kuwatia dundu ndani ya debe lenye udongo mbichi, akafunika kwa gunia. Kisha alirudi nalo nyuma ya baiskeli hadi Mabibo, akawaachia uwanjani. Njiani wachuuzi walimjua.

"Bwana mifugo! Serikali imekupa mavi badala ya mshahara?"

Theonest aliinamisha kichwa akakanyaga pedali. Kila jioni Bi Mauwa alikuwa na bakuli la maziwa tayari, na kila jioni Theonest aliona haya kulipokea.

Mvua za vuli zikakolea. Dundu wengine wakaja wenyewe, wakiruka kufuata harufu. Mwisho wa Desemba Salumu alipiga kinyesi cha jana kwa ncha ya kiatu. Kilitawanyika kama pumba. Chini yake palikuwa na mashimo manane na udongo uliochimbuliwa, na funza aliowaona walikuwa wachache, wamekauka. Inzi walikuwapo, lakini ng'ombe walifumbua macho.

Salumu aliandika kwa muda mrefu. "Ng'ombe wabaki," akasema. "Dawa isinyunyizwe tena hapa bila mwenyewe kuulizwa."

Bi Mauwa hakupiga vigelegele. Alimgeukia Theonest. "Ile karatasi yako unayo?"

Alikuwa nayo. Baada ya siku ile ya redio aliiandika upya kama alivyoisema, akawa anatembea nayo mfukoni bila kujua ampe nani.

"Nisomee. Yote, kwa mpango, mbele ya mtu."

Akasoma, Salumu akiwa amesimama pale, na Hamisa na wanawake wengine wameshika chupa zao za maziwa. Alipofika mwisho sauti ilishuka.

"Hapo sikusikia vizuri," Bi Mauwa alisema. "Soma tena hapo."

"Aliyenyunyiza dawa ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Bi Mauwa alisogeza kisahani cha wino karibu, akalowesha dole gumba lake la kulia, na akalikandamiza kwenye karatasi mpaka wino ukatokea upande wa pili.