Msomi Asiye na Mdhamini

Nilifika Bagamoyo nikitoka Misri, ambako nilikuwa nimesoma mpaka vitabu vikanichoka. Pwani nzima nilijiona sina mfano. Hata hivyo, nilipoulizwa nakwenda wapi, nilijibu kama mgeni mwingine yeyote: kwa watu wetu. Wanyamwezi walikuwa na kambi zao, Wahindi na maduka yao, nasi Wangazija, watu wa visiwa vya Komoro, tulikuwa na mtaa wetu wenye nyumba chache. Nilipewa mkeka, nikapewa wali, na wala hakuna aliyeniuliza nitakaa mpaka lini.

Nilichokitaka ni ukarani katika ghala la tajiri mmoja wa pembe za ndovu, Mhindi. Alizitazama hati zangu za Kiarabu, akapendezwa nazo.

"Maalim, sina shaka na elimu yako. Niletee mzee wa kwenu akudhamini. Pembe ikipotea, nijue nimwendee nani."

Nikaona kazi nimeshaipata. Mkuu wa mtaa wetu alikuwa mzee aliyepika miaka mingi katika nyumba za Wazungu, na karibu kila mpishi wa Kingazija mjini aliingia jikoni kwa neno lake.

"Umeoa?" aliniuliza nilipomwendea anidhamini.

"Nimeoa, mzee."

"Ile ndogo. Harusi kubwa, ya kulisha mji mzima, umefanya?"

Sikuwa nimeifanya. Kwetu asiyeifanya ni mtoto, hata mvi zikimjaa, na mtoto hasemewi mbele ya watu.

"Lakini hapa ni Bagamoyo, mzee."

"Wali uliokula jana ulikuwa wa Bagamoyo?"

Wazee waliokaa naye wakacheka. Kisha akaniambia la kweli, kwa upole ulioniudhi kuliko kicheko.

"Mpishi akiiba kijiko, namjua na mama yake namjua. Ghala silijui. Wewe ukiharibu huko, Wazungu watasikia, watasema Wangazija wezi, na vijana wangu wote watatolewa jikoni. Niwauze wote kwa ajili yako?"

Nikamfuata jirani yetu Mshomvi, mwenyeji wa mji, niliyekuwa nikisali naye safu moja, anidhamini yeye.

"Wazee wenu wamesemaje?" akauliza.

"Wamekataa."

"Basi, ndugu yangu, wanaokujua wamekataa. Mimi nisiyekujua nikubali?"

Hasira ikanipeleka kupanga chumba mtaa mwingine, ili nionekane mtu wa mji. Usomi wangu wote haukuniambia kwamba mtu aliyewahama watu wake huonekana kama aliyefukuzwa. Tajiri aliposikia nimehama, hakuniita tena. Ukarani akampa mpwa wake aliyeshuka chomboni juzi, anayelala dukani na asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu.

Njaa ikanirudisha kwenye mkeka wangu. Mzee hakunisema. Asubuhi alinipeleka kwa Mzungu mmoja, akatamka maneno mawili, nami nikakabidhiwa jiko zima. Sikuwahi kukaanga hata yai. Mzungu hakuniuliza: alikuwa ameambiwa mimi ni Mngazija, na kwake hilo lilitosha.