Barua ya Kuikataa Hoteli

Mwaka ule Moshi ilikuwa inajaa hoteli kama uyoga baada ya mvua, na karibu kila mwenye hoteli alikuwa na suti moja na mawazo makubwa. Huyu wangu alikuwa na maua ya plastiki. Aliyapanga mapokezi, kwenye meza, hata ngazini, halafu anawaagiza wafanyakazi wayapanguse vumbi kila asubuhi. Nje hapo, hatua tano kutoka mlangoni, kuna bustani ya maua ya Mungu yanakufa kwa kiu. Nilipoenda kwenye usaili sikuwa na shida na kitu kingine chochote, ila yale maua yalinichekesha mpaka nikauma shavu kwa ndani.

Usaili wenyewe ulikuwa hivi: aliniuliza nimemaliza kidato cha ngapi, nikasema cha nne. Akaniuliza Kiingereza, nikasema cha kuombea maji. Akasema, "Simama, tembea mpaka mlangoni, urudi." Nikatembea. Akatikisa kichwa kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. "Mapokezi ni sura ya hoteli," akasema. Wiki ile ile barua ya kazi ikaja, nakala mbili, na maelekezo kwamba nikikubali nisaini moja niirudishe ndani ya siku saba.

Wenzangu wote wangesaini wamesimama. Mimi nilikuwa na ndoto nyingine, na ilikuwa inanuka maziwa.

Huku kwetu Machame kinamama walikuwa na kikundi cha maziwa. Kila mmoja ana ng'ombe wake mmoja au wawili bandani, wanalishwa majani ya migomba, na asubuhi maziwa yanaletwa kwenye kibanda chetu yapimwe. Mimi ndiye niliyekuwa napima na kuandika. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo mafupi ya kugandisha mtindi, na kichwani mwangu nilishaona paketi zenye picha ya mlima zikiuzwa mpaka Arusha. Kikundi kilikuwa kimekubali kunipa kazi hiyo rasmi. Mshahara mdogo, ndoto kubwa. Mtu akinicheka nilikuwa nacheka naye.

Tatizo lilikuwa moja tu. Mteja mkubwa wa kikundi alikuwa hoteli ile ile ya maua ya plastiki. Lita arobaini kila siku. Madukani mjini maziwa ya boksi kutoka nje yalikuwa yameshaanza kujipanga, kwa hiyo yule bwana akinuna, ananunua boksi, na sisi tunabaki na madumu yetu kibandani. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mnene mwenye huruma na hofu kwa kipimo kimoja, alinishika mikono.

"Mwanangu, utamkataaje mtu mzito namna ile halafu kesho tumpelekee maziwa?"

"Nitamwandikia vizuri, mama."

"Andika vizuri sana. Hata kama ni kurasa tatu."

Nikashuka Majengo kwa mpiga chapa. Alikuwa na kibanda ubavuni mwa duka la nguo, mashine moja yenye herufi "a" iliyokatika mkia, na dharau ya kutosha wilaya nzima. Nikampa karatasi niliyoandika kwa mkono. Akasoma, akacheka puani.

"Dada, barua ya kukataa kazi haiandikwi. Unapotea tu. Watangoja, watachoka."

"Huyu tunamuuzia maziwa. Nitapotelea wapi?"

"Basi weka ugonjwa. Au msiba. Mimi nina msiba mzuri hapa, wa shangazi, nimeshautumia kwa watu wengi na haujawahi kukataliwa."

Nikamwambia shangazi zangu wote wazima na mmoja wao ndiye anayekamua maziwa anayokunywa huyo bwana. Akakunja uso. Kwake yeye ukweli ulikuwa ni ushamba fulani hivi, kitu cha watu wasiojua mjini. Nikamwonea huruma kidogo, halafu nikaacha, maana alishaanza kuchapa "nakuangukia miguuni" bila kuulizwa. Nikamwambia afute. Akachapa mwishoni "wako katika ujenzi wa taifa." Nikamuuliza taifa gani linajengwa kwenye vitanda vya wageni. Akafuta na hiyo, kwa hasira, akisema elimu ya kidato cha nne ndiyo inayoharibu vijana.

Mwisho barua ikatoka nusu ukurasa. Juu kulia anwani ya kikundi na tarehe, kushoto cheo chake na anwani ya hoteli, katikati: YAH: NAFASI YA KAZI YA MAPOKEZI. Halafu:

"Nashukuru kwa usaili na kwa kunichagua. Baada ya kufikiri, naomba kutoipokea nafasi hii, kwa kuwa nimekubali kazi katika kikundi cha maziwa ninachokitumikia. Nimeileta barua hii mapema, kabla ya siku saba kwisha, ili mpate muda wa kumwita mwombaji mwingine. Nakala mbili za barua yenu nazirudisha bila kusainiwa. Nakutakia heri katika biashara, na nitafurahi tukiendelea kushirikiana."

Basi. Nilichukua nakala ya pili ya barua yangu ili igongwe muhuri wa kupokelewa, nibaki na ushahidi. Bahasha sikuigundisha, kwa sababu hiyo hiyo ya muhuri.

Kesho yake asubuhi mwenyekiti alisisitiza aipeleke yeye, pamoja na maziwa, kwenye pikapu. Mimi nilikuwa na foleni ya kinamama kibandani, nikampa. Saa tatu hivi dereva akarudi peke yake, anahema kana kwamba alikuwa anakimbia yeye na si gari.

"Unaitwa hotelini. Maziwa hayajapokelewa. Beba na kile kipimo chako."

Njia nzima nilijiuliza ni neno gani kwenye barua limemchoma. Nilipofika, madumu yalikuwa yamepangwa nje ya mlango wa jikoni, yamefunikwa. Mpishi anayatazama kwa wasiwasi. Ofisini, mwenyekiti wetu amekaa ukingoni mwa kiti kama mtoto aliyevunja sahani. Na mezani, kati ya maua ya plastiki, kulikuwa na jani bichi la sale, limefungwa fundo.

Nikaelewa papo hapo. Sale tunalipanda mipakani mwa mashamba, lakini kazi yake kubwa ni hiyo: mtu aliyekosa analibeba kwenda kwa aliyemkosea, na aliyeletewa sale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Mama wa watu, kwa hofu yake, alikuwa amelitia ndani ya bahasha yangu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Mmeyafanya nini maziwa yangu?"

"Sijaelewa, mzee."

"Mimi ni mtoto wa mlimani. Sale haliletwi bure. Mtu akiniletea maziwa na sale asubuhi moja, mimi najua. Mmetia maji tangu lini?"

Yaani barua hakuisoma. Ilikuwa pale pale chini ya jani, imekunjwa bado. Mtu mwenye suti, anayepima wanawake kwa mwendo, aliona jani akaenda moja kwa moja kwenye maji, kwa kuwa ndivyo yeye angefanya angekuwa na ng'ombe. Nilimdharau kwa raha kabisa. Lakini lita arobaini zilikuwa zinakaa juani, na nyuma ya kila lita kulikuwa na mama aliyeamka alfajiri.

"Tukayapime, mzee. Mbele yako."

Tukaenda jikoni. Nikakoroga dumu la kwanza, nikamimina kwenye mtungi mrefu, nikatumbukiza kipimo, kile kijiti cha kioo chenye namba kinachoelea. Kikacheza, kikatulia kwenye thelathini. Nikamwonyesha: maji yakiwemo, kinazama, kinakwenda chini ya ishirini na nane. La pili, thelathini na moja. La tatu, thelathini. Mpishi akaonja kwa kijiko bila kuombwa, akasema ni matamu. Bwana mkubwa akainama kuangalia namba kwa uzito, kama aliyekuwa akizijua tangu tumboni mwa mama yake.

"Sasa kosa liko wapi?"

Mwenyekiti akadakia, akimwita kwa heshima ya Kichaga. "Kosa ni la binti, mbe. Amekataa kazi yako. Tunaomba usamehe."

Uso wa yule bwana ukafunguka kama pazia. Akanyoosha koti. Akarudi ofisini mbele yetu, akakaa, akaweka kiganja juu ya sale. Niliona anatafuta maneno ya kanisani.

"Nimesame..."

"Hapana, mzee," nikasema.

Mwenyekiti akanikanyaga mguu. Nilijua ninachoweza kupoteza. Angetamka tu, maziwa yangepita, na sisi tungerudi nyumbani. Lakini tangu siku hiyo tungekuwa watu waliosamehewa. Kila tukiomba bei nzuri au madumu yetu, angenikumbusha sale. Na kosa lenyewe halikuwepo.

"Mama alileta sale kwa heshima yake kwako, na mimi namheshimu kwa hilo. Lakini mimi sijakukosea. Ulinipa kazi, nakushukuru, nimeshindwa kuichukua. Yote yamo humo kwenye barua. Naomba uisome."

Mwenyekiti alikuwa anaomba kwa midomo. Yeye akaivuta barua, akaikunjua, akasoma polepole, kidole kinafuata mstari. Nilimwona alipofika pale pa mwombaji mwingine. Akatazama kalenda ukutani.

"Siku zilikuwa zimebaki ngapi?"

"Tatu, mzee."

"Wa pili yuko Kibosho," akajisemea. "Wageni wa Kijerumani wanakuja Jumamosi." Halafu akapaza sauti kuelekea mlangoni, mtu atumwe Kibosho leo hii hii, na mpishi apokee maziwa yale kabla hayajachacha, alikuwa anangoja nini muda wote huo? Hakuniangalia. Hakuomba radhi kwa maji aliyotusingizia. Watu wa aina yake radhi wanazipokea tu. Lakini akagonga muhuri kwenye nakala yangu, kwa nguvu, akaweka na saini kubwa yenye mkia.

"Umeandika vizuri," akasema. "Wengine huwa wanapotea tu. Msichana wa mwisho aliniambia amefiwa na shangazi. Nikampa na rambirambi."

Nikauma tena shavu kwa ndani.

Mwenyekiti akanyoosha mkono kulichukua sale lake, maana halikuwa na kazi tena. Bwana mkubwa akawahi. Akafungua droo, akalitia humo pamoja na barua yangu, akafunga kwa ufunguo. Msamaha wa bure hakuweza kuuachia, hata ulipokuwa hauna kosa.

"Aika, mbe," mwenyekiti akamshukuru kwa Kichaga, akiinamisha kichwa.

Nje, tulipokuwa tunapakia madumu matupu, alinisukuma bega. "Unaona? Sale limefanya kazi."

Nilitaka kumjibu. Nikamwangalia alivyokuwa anatabasamu, jasho bado liko juu ya mdomo, nikamsaidia kupanda kwenye pikapu.